Sehemu ya Marehemu katika Chungu: Mwongozo kwa Anayemsaidia Mjane Kurudi Jikoni

Siku shangazi yangu alipotoka eda, baada ya kukaa miezi 4 na siku 10 katika nyumba yake ya Malindi, mjini Unguja, sisi wanawake wa ukoo tulikuwa tumeshauriana usiku mzima tumpikie nini kitakachomfariji; na kwa kuwa sote tulijua kwamba mumewe, Mungu amrehemu, hakuwa na chakula alichokipenda duniani kuliko pweza wa nazi, tulikata shauri kumpikia pweza. Alfajiri tulikwenda sokoni tukachagua pweza mwema, na kabla ya adhana ya adhuhuri chungu kilikuwa kimeiva na harufu yake imeenea ukumbini na ngazini. Shangazi aliteremka, akafika kizingitini mwa jiko, akasimama kitambo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, kisha akageuka akapanda juu bila ya kusema neno. Siku mbili zilizofuata hakutia kinywani ila maji na tende.

Kosa letu halikuwa katika mapishi, kwani pweza yule alikuwa laini na tui lake lilikuwa zito. Kosa lilikuwa katika mpango. Tulianza mahali pa kumalizia, na zaidi ya hayo tulimpikia mjane chakula cha mumewe bila ya mkono wake mwenyewe kuwamo, kana kwamba harufu ile ilikuwa zawadi ya kumwekea mlangoni. Ewe msomaji, ikiwa unaye mama, dada au jirani aliyefiwa na mumewe, nawe unataka kumsaidia arudi jikoni na arudi katika furaha yake, nisikilize nikueleze tuliyojifunza baada ya siku ile, maana tulijifunza polepole na kwa gharama ya machozi yasiyokuwa yetu.

Ni vyema kwanza kufahamu kwa nini harufu ina nguvu kuliko picha iliyotundikwa ukutani. Tunachokiona na tunachokisikia hupita kituo kimoja ndani ya ubongo kabla ya kufika panapohifadhiwa kumbukumbu na panapozaliwa hisia; lakini mishipa ya fahamu ya pua huenda karibu moja kwa moja mahali hapo, bila ya kungojea kituo kile. Ndiyo sababu mjane aweza kuitazama kanzu ya marehemu kwa subira, akaikunja akaiweka sandukuni, lakini akadhoofika ghafula kwa harufu ya kitunguu na bizari inayotoka dirishani kwa jirani. Picha humpa muhula wa kujikaza, na harufu haimpi. Kwa hiyo anayepika katika nyumba ya mjane ameshika kitu chenye makali, naye hana budi kujua akielekeze wapi.

Wakati wa eda wenyewe una adabu yake, nami sitakaa sana hapo kwa kuwa watu wa pwani wanaijua. Sheria haimkatazi mjane kupika. Imemzuilia mapambo, manukato na kutoka nyumbani bila ya haja. Lakini ni ihsani wengine wampikie, na jambo hili lina asili kongwe, kwani Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliwaamrisha watu wawatengenezee chakula jamaa zake, kwa sababu wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Kadhalika imepokewa kwamba Bi Aisha, alipofiwa na mtu wa jamaa yake, na wanawake waliokuja kutoa taazia wakisha kwenda zao akabaki na watu wa nyumbani, huamrisha kipikwe chungu cha talbina, uji mwembamba wa unga wa shayiri, akisema kwamba Mtume alimwambia uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Angalia saa aliyoichagua: si wakati wa kishindo cha wageni, bali baada ya wageni kuondoka, nyumba inapoanza kusikika ukimya wake.

Uji huo si mgumu kuupika. Vuruga vijiko viwili vya unga wa shayiri kwa maji baridi kidogo usije ukafanya madonge, kisha mimina katika vikombe viwili vya maji yaliyo motoni, ukoroge kwa moto mdogo kwa muda wa takriban robo saa mpaka uwe laini, utie maziwa, na asali ukisha uepua. Faida yake kwa mjane, kwa nadhari yangu, ni kwamba katika nyumba nyingi za kwetu hauna kumbukumbu yoyote ndani yake. Marehemu hakuupenda wala hakuuchukia. Shika kanuni hii kwa siku zote za eda: mpelekee mjane chakula chepesi kisichokuwa na jina la mumewe. Na ikiwa yeye ni mtu wa dini isiyokuwa na eda, mpe hata hivyo miezi ya namna hii kabla ya kumfikishia alivyovipenda marehemu.

Eda ikisha, usiende na chungu. Nenda na swali. Sisi tulikwenda kwa shangazi siku ya nne, tukaketi naye juu ya jamvi, na dada yangu mkubwa, ambaye ana ulimi mtulivu, akamwuliza si kile alichokipenda marehemu, maana hicho tulikijua, bali marehemu mwenyewe alikuwa akifanya nini jikoni. Shangazi alishangaa, akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole. Katika mbaazi za nazi, alisema, yeye alikuwa akionja chumvi, wala sikuthubutu kuepua kabla hajaonja. Katika mkate wa kumimina alikuwa akipanga makaa ya juu. Katika pweza, alikuwa akimpiga mwenyewe juu ya lile jiwe la uani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo kwangu mimi ndiyo yaliyoufungua mlango: "Wanangu, mimi sikuwahi kupika pweza peke yangu hata siku moja."

Hapo ndipo pana kiini cha mwongozo huu. Chakula cha mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi ni kazi ya mikono minne, hata kama watu wa nje wanadhani ni kazi ya mmoja. Mmoja akifa, chakula kile hakipungui mlaji tu, hupungua na mpishi; na mjane anayejaribu kukipika peke yake hufika mahali katika kazi ambapo mkono wa pili ulikuwa ukiingia, akausubiri, usije. Watu humwona ameangua kilio juu ya mbaazi wakadhani ni mbaazi zilizomliza. Basi wajibu wako ni kuijua sehemu ya marehemu katika kila chungu, na kumtafutia mtu atakayeishika kwa uwazi, mbele ya macho ya mjane, wala si kwa siri. Usiifanye sehemu hiyo wewe nyuma ya mgongo wake kabla hajafika jikoni, ili kumwondolea uchungu, kwa kuwa kwa kufanya hivyo utakuwa umemfuta marehemu na hukumsaidia mjane.

Ukisha kuzijua sehemu hizo, vipange vyakula kwa uzito wake, kuanzia kile ambacho marehemu alikigusa kidogo mpaka kile kilichokuwa chake zaidi. Kwetu mpango ulijitoa wenyewe: mbaazi kwanza, mkate baadaye, pweza mwisho. Na kipimo nacho ukiangalie, kwani hapo pana mtego. Mara ya kwanza shangazi alipopika wali kwa mkono wake baada ya eda alipima kibaba na nusu, kipimo cha nyumba yenye mwanamume na wageni wake wa barazani. Na wali ule uliobaki chunguni jioni, umepoa na hauna mlaji, ulimwumiza kuliko msiba. Usimwambie apunguze. Nunua sufuria ndogo, ile ya wali wa watu wawili, uiache jikoni pamoja na vyombo vingine, na mwalike mtu mmoja aje kula naye. Chombo kidogo kitamfundisha kipimo bila ya mtu kukitamka.

Mbaazi tulizipika hivi. Kikombe kimoja cha mbaazi kavu kililowekwa usiku, kikachemshwa asubuhi kwa maji matupu zaidi ya saa moja, mpaka mbaazi ikibonyezwa kati ya vidole viwili isivunjike bali isagike. Nazi moja ilikunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa mara mbili: tui la kwanza, kasimile, likawekwa kando, na la pili jepesi likatiwa chunguni pamoja na kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na manjano kidogo. Lilipokwisha kukauka nusu tukatia kasimile, tukakoroga bila ya kuacha mpaka lilipoanza kutokota, kisha tukapunguza makaa. Ikabaki chumvi.

Chumvi katika nyumba ya msiba yataka uangalifu. Nimewaona wajane wengi wakitia chumvi mara mbili kwa kusahau, au wasitie kabisa, na ulimi wao wenyewe usiwaambie lolote, kwa sababu huzuni huifisha ladha kama homa. Kwa hiyo tulimweka mjukuu wa shangazi, mtoto wa kiume wa miaka 9, aonje, tukamwambia wazi mbele ya bibi yake: hii ni kazi ya babu yako, leo ni yako. Mtoto alipokea upawa kwa mikono miwili, akapuliza, akaonja, akatazama juu kwenye dari kama babu yake alivyokuwa akitazama, akasema kwa sauti ya utu uzima, "Naona chumvi leo ina udhuru."

Maneno yale yalikuwa ya marehemu. Aliyasema kila siku kwa miaka isiyopungua thelathini, na hakuna aliyejua kwamba mtoto ameyahifadhi. Shangazi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikombe kilichogonga kingine, kisha akauziba mdomo kwa ukingo wa kanga, akatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu aliyemfuma, akainuka akatoka.

Nataka ukae nami hapa kidogo, maana hapa ndipo wasaidizi wengi wanapoharibu kazi. Kicheko cha kwanza cha mjane hakimletei raha, humletea hofu. Nafsi yake humwuliza, umecheka, basi umemsahau? Na majirani, Mungu atusamehe, wako wanaohesabu meno ya mjane. Basi ukikisikia kicheko hicho, usikishangilie, usimwite mwenzio aje asikie, wala usimwambie mjane kwamba afadhali sasa umeanza kupona. Endelea kukoroga chungu. Tia chumvi. Mtoto asikemewe, wala asiombwe arudie maneno yale, kwani yakirudiwa kwa kuagizwa yatageuka kuwa mchezo wa kuigiza. Sisi tulipakua mbaazi tukampelekea shangazi juu, akala sahani nzima, na kwa siku sita baada ya hapo hakuingia jikoni. Hatukumwita. Ukiona kurudi nyuma kwa namna hiyo usidhani umeshindwa: mtu aliyekaa gizani akitoka nje huyafumba macho kwanza.

Ikiwa hata hivyo wiki zinapita naye hali, halali, haogi, wala hazungumzi na watoto wake, jambo hilo si la jikoni tena. Mpeleke kwa tabibu, wala usiendelee kumjaribu kwa mapishi.

Mkate wa kumimina tuliuchagua kuwa wa pili kwa sababu ambayo sikuifahamu mpaka baadaye, nayo ni kwamba mkate huu hauwezi kupikwa leo kwa kuamuliwa leo. Mchele sharti ulowekwe tangu usiku, na mtu aliyeloweka mchele amejiwekea ahadi ya asubuhi. Shangazi alituambia kwamba tangu mumewe afariki alikuwa akiamka bila ya kujua anaamkia nini. Usiku ule aliamka mara mbili kwenda kuutazama mchele.

Vikombe viwili vya mchele, ukisha kulowekwa na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, husagwa pamoja na kikombe kimoja au zaidi kidogo cha tui zito, kijiko cha chai cha hamira na iliki iliyotwangwa, mpaka uji wake ukiushika kwa vidole usisikie chembe. Tui liwe na uvuguvugu mdogo tu. Likiwa la moto litaiua hamira, na utangoja mpaka magharibi bila ya kitu kuumuka. Uache ufunikwe mahali penye joto kwa kadiri ya saa moja, mpaka upande na kujaa mapovu, ndipo utie sukari, robo tatu ya kikombe, na ute wa yai moja uliopigwa. Usipitishe wakati: uji uliokaa mno hunuka uchachu, na mkate wake huinuka kwa majivuno kisha ukabonyea katikati. Sufuria hupakwa samli na kupashwa moto kwanza, uji ukimiminwa usikie ukilia, na moto wa chini uwe wa wastani mpaka kingo zianze kushika na matundu yatokee juu. Baada ya hapo makaa mengi hupandishwa juu ya kifuniko, na ya chini hupunguzwa yakabaki machache. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, umeiva.

Kupalia makaa juu ya kifuniko ndiyo iliyokuwa sehemu ya marehemu. Alikuwa akikaa juu ya kibao, koleo mkononi, akiyapanga makaa moja moja kwa mduara kama afanyaye kazi ya vito, na mkate wake hutoka na rangi ya dhahabu pande zote sawa. Kazi ile nilipewa mimi. Mkate wangu wa kwanza uliungua juu, na ndani ulikuwa uji. Wa pili nilioufanya wiki iliyofuata ulikuwa mweupe kama mgonjwa. Shangazi hakucheka hata kidogo katika siku hizo, nami sitaki udhani kwamba kila chungu kina kicheko chake. Alikasirika. Alinikaripia kwa kuyaweka makaa katikati badala ya kuyaweka ukingoni, akasema mumewe angaliona aibu kwa kazi ile, kisha akamgeukia mumewe mwenyewe, ambaye hayupo, akalalamika kwamba alikuwa akiifanya kazi ile kila Ramadhani na hakuona haja ya kumfundisha mtu. Tulinyamaza. Kwa miezi yote shangazi alikuwa amemsema marehemu kwa sifa tu, kama watu wasemavyo siku ya hitima, na kwa mara ya kwanza alikuwa akimsema kama mke amsemavyo mumewe. Usiuzuie ukali wa namna hiyo ukiusikia, wala usimkumbushe mjane kwamba marehemu hasemwi. Aliyekamilika kama malaika hawezi kukumbukwa kwa kicheko. Ni lazima kwanza arudishiwe makosa yake madogo madogo.

Mkate wa tatu aliupalia shangazi kwa mkono wake, nao ulitoka mzuri. Akaukata vipande, akanipa cha kwanza mimi niliyeshindwa.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu kutoka eda alipotuambia mwenyewe kwamba Ijumaa anataka pweza. Hapa nakusihi sana, msomaji: chungu cha mwisho usikipendekeze wewe. Kingoje kiombwe, hata kikikawia mwaka mzima.

Pweza hupigwa ili nyama yake ngumu ilegee, na asiyempiga vyema atamla kama kamba ya jahazi. Marehemu alikuwa akimgeuza kichwa nje ndani, akakitoa kilichomo, akamshika kwa kichwa hicho na kumpiga juu ya jiwe huku akihesabu kwa sauti. Na akifika arobaini, husema amepotewa na hesabu, akaanza upya. Kazi hii ilimwangukia ndugu yangu mdogo, kijana mwenye nguvu asiyekuwa na mazoea. Shangazi alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akimhesabia. Kijana alipofika 40 akataka kuacha, shangazi, bila ya kuinua uso, akasema, "Nimepotewa na hesabu, mwanangu. Anza tena." Tuliinamisha nyuso zetu sote.

Akisha kupigwa huoshwa, akatiwa chunguni bila ya maji wala chumvi, kwa kuwa atatoa maji yake mwenyewe, na chumvi ya bahari anayo. Ukimtia chumvi mapema, maji yakikauka naye akapungua karibu nusu, mchuzi hautalika. Huchemka kwa moto mdogo takriban saa moja, mpaka uma uingie bila ya kugomba, ndipo akatwe vipande. Kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari hukaangwa kidogo, tui jepesi likafuata, na pweza akaingia. Kasimile hutiwa mwisho, na tangu linapoingia mpaka linapotokota mkono usitoke chunguni, wala chungu kisifunikwe, maana tui lililoachwa lichemke lenyewe hukatika: mafuta huelea juu, maji hubaki chini, na mchuzi ukaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Ndimu nayo ingoje mpaka chungu kiepuliwe, kwa kuwa ukali wake hulikata tui hilo hilo.

Shangazi alikuwa ameshika upawa, kasimile limeingia, nasi tumemzunguka. Akaanza kusimulia, bila ya kuulizwa, habari za mwezi wa kwanza wa ndoa yao, siku ambayo mumewe alijigamba mbele ya rafiki zake kwamba kupika pweza si kazi ya wanawake peke yao. Akampeleka mkewe mpya akapumzike juu. Akatia chunguni pweza, tui, chumvi na ndimu kwa pamoja, akafunika, akaenda barazani kuzungumza. Aliporudi tui limekatika vipande vipande na pweza amekuwa mti. Hakufadhaika. Alipakua, akatoa sinia kwa wageni kwa wajihi wa mtu mwenye elimu, akawaambia, "Hivi ndivyo wapikavyo Pemba." Wageni wakala kwa heshima, wakitafuna kwa shida, mpaka mmoja wao, mzee mnyenyekevu aliyekuwa hajasema neno tangu kuingia, akaweka mkono kifuani akasema, "Samahani, bwana. Mimi ni mtu wa Wete."

Shangazi hakuweza kuendelea. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani, akijaribu kuigiza uso wa mumewe alipolisikia jina la Wete na kila akijaribu kicheko kikimrudia upya, na machozi yakimtiririka bila ya mtu kuweza kusema ni ya namna gani. Nasi tukacheka naye, na kijana aliyempiga pweza akakaa chini uani kwa kukosa nguvu. Tulipogutuka na kukitazama chungu, mafuta yalikuwa juu na maji chini. Hakuna aliyekuwa akikoroga.

Mtoto akauliza kama tumwage. Shangazi akajifuta uso kwa ukingo wa kanga, akakiepua chungu mwenyewe, akasema, "Pakueni. Hivi ndivyo wapikavyo Pemba."